Ada ya Timu Ilipe Filimbi, Si Kombe

Siku ya nusu fainali ya kwanza, katika mashindano ya mtaa mmoja wa Temeke, mwamuzi wa kati alifika uwanjani saa 9 alasiri akiwa amevaa suruali ya kawaida. Begi lake hakulifungua. Alisimama chini ya mwembe pamoja na wasaidizi wake wawili, akamwambia mhazini kwa upole kwamba wanamdai posho za mechi tano zilizopita, na kwamba leo hawatabadilisha nguo mpaka wazione. Mhazini aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti alizokuwa nazo, akaanza kuwapigia simu watu. Saa 11 jioni watazamaji waliokuwa wameuzunguka uwanja walikuwa wanazomea, na viongozi wa timu mbili walikuwa wanauliza swali ambalo hakuna aliyetaka kulijibu: kama posho ya mwamuzi haipo, ile milioni moja ya bingwa iko wapi?

Mimi nilikuwa mmoja wa wanakamati. Hakuna aliyekuwa ameiba, na hilo nalisema kwa uhakika kwa sababu baadaye tulikaa na daftari usiku kucha tukihesabu risiti moja baada ya nyingine. Fedha ilikuwa imekwenda mahali pake halali. Tatizo ni kwamba haikuwahi kutosha tangu siku ya kwanza, na sisi hatukujua, kwa sababu bajeti yetu ilianzia kwenye zawadi ikashuka chini. Tulichapa bango lenye milioni moja kabla hatujajua mashindano yetu yana mechi ngapi.

Tangu hapo nimeshika uhazini wa ndondo kadhaa na kuombwa kuzipitia hesabu za nyingine. Kosa ninalolikuta ni lile lile. Kamati huandika orodha ya matumizi: uwanja, waamuzi, ulinzi, zawadi, mipira. Kila kimoja hupewa kiasi cha kukisia, kisha jumla hulinganishwa na ada za timu pamoja na ahadi za wafadhili. Orodha ya namna hiyo haionyeshi kitu kikubwa kuliko vyote, yaani kwamba sehemu kubwa ya gharama za mashindano hujirudia kila filimbi inapolia. Uwanja unaulima mara moja na kombe unalinunua mara moja. Mwamuzi, mlinzi na chokaa ya kurudishia mistari unavilipia kila mechi. Kwa hiyo swali la kwanza la bajeti ni idadi ya mechi, na idadi ya mechi huamuliwa na mfumo wa mashindano.

Chukua timu 16, idadi inayopendwa sana kwa sababu inagawanyika vizuri. Zikicheza mtoano tangu mwanzo, kuna mechi 8, kisha 4, kisha 2, kisha fainali. Ongeza mechi ya kumtafuta mshindi wa tatu na unapata 16. Timu hizo hizo ukizipanga katika makundi manne ya timu nne nne, kila kundi lina mechi 6, kwa hiyo hatua ya makundi peke yake ni mechi 24. Ukiongeza robo fainali nne, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali, unafika 32. Timu hazijaongezeka hata moja, ada iliyokusanywa haijaongezeka hata shilingi, lakini umejipa mechi mara mbili. Wanakamati wengi huchagua makundi kwa sababu yanaonekana ya kiungwana, kila timu inacheza mara tatu na mashabiki wanarudi. Sababu hizo ni nzuri. Zina bei, na bei hiyo lazima ijulikane kabla ya droo.

Sisi tulitoza ada ya shilingi 100,000 kwa timu. Timu 16 zilitupa 1,600,000, tukajiona matajiri. Sasa tuihesabu mechi moja. Mwamuzi wa kati tulimlipa 15,000, na wasaidizi wawili pamoja na mwamuzi wa akiba tuliwalipa 10,000 kila mmoja, nauli ikiwa humo humo. Hapo ni 45,000. Vijana wanne wa ulinzi shirikishi kwa 5,000 kila mmoja ni 20,000. Chokaa ya kurudishia mistari iliyofutika, maji ya waamuzi, barafu na bandeji vilikula 7,000. Mechi moja ikawa 72,000. Bei hizi ni za mtaa wetu na za msimu ule. Mahali pengine zitakuwa juu au chini, na msomaji aweke za kwake. Kinachofuata hakibadiliki: mechi 32 mara 72,000 ni 2,304,000. Ada zote za timu 16 zilipungua kwa 704,000 hata kabla hatujanunua mpira mmoja. Zile posho za mechi tano alizotudai mwamuzi chini ya mwembe zilikuwa mwanzo wa shimo hilo kuonekana.

Kanuni niliyoifuata tangu siku hiyo ni fupi. Hesabu mechi zote, zidisha kwa gharama ya mechi moja, gawanya kwa idadi ya timu. Jibu ndilo ada. Kwa mfumo wetu wa mechi 32, ada iliyotakiwa ilikuwa 144,000, si 100,000. Ada ikikusanywa kwa kanuni hiyo, hata kama mfadhili hatatokea kabisa, mashindano yataanza na yatamalizika: mwamuzi atalipwa, mlinzi atalipwa, mistari itaonekana. Zawadi itakuwa ndogo au haitakuwepo, lakini hakuna mechi itakayokwama. Uwanja, vifaa na zawadi hutafutiwa fedha nyingine kwenye mfuko wa pili, na mifuko hii miwili haikopeshani.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimelisikia kwenye vikao vingi: timu zetu ni za vijana wa mtaa, 144,000 wataitoa wapi? Ni pingamizi la kweli. Timu ya mtaa huchangishana elfu mbili mbili, na wengine hawana hata hiyo. Lakini dawa yake si kuishusha ada kwa huruma na kuacha gharama palepale. Dawa ni kupunguza mechi kwa kila timu. Msimu uliofuata tulichukua timu 12 katika makundi manne ya timu tatu tatu. Kila kundi lina mechi 3, kwa hiyo makundi yote ni 12. Robo fainali nne, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali vinafikisha 20. Mechi 20 mara 72,000 ni 1,440,000, na ukigawanya kwa 12 unapata ada ya 120,000. Kila timu ina uhakika wa kucheza mara mbili, na ada imelipa mechi zote bila kubaki wala kupungua.

Makundi ya timu tatu yana kasoro yake, na lazima niiseme. Katika mechi ya mwisho ya kundi, timu moja imekwisha kumaliza na iko nje inatazama, huku mbili zilizobaki zikijua matokeo gani yatazipeleka zote mbele. Ndiyo sababu FIFA, iliyokuwa imepanga makundi ya timu tatu kwa Kombe la Dunia la 2026, mwezi Machi 2023 iligeuza uamuzi na kurudi kwenye makundi ya timu nne. Kwenye ndondo tunapunguza hatari hiyo kwa njia mbili. Timu iliyofungwa mechi ya kwanza ndiyo inayocheza mechi ya pili, ili mechi ya mwisho iwe kati ya mshindi na ile timu iliyopumzika. Na sare haziachwi: dakika 90 zikiisha bila mshindi zinapigwa penati, anayeshinda anachukua pointi mbili na anayeshindwa moja. Kupanga matokeo bado kunawezekana, ila kunakuwa kugumu zaidi.

Pamoja na ada, kila timu iweke dhamana. Sisi tuliweka 50,000 inayorudishwa siku ya fainali, na haikuhesabiwa kwenye mapato hata kidogo. Kazi yake ni moja. Timu iliyopoteza mechi ya kwanza huona haina tena cha kutafuta. Wachezaji wanakwenda kwenye bonanza la mtaa wa pili, na siku ya mechi yao mnabaki na mwamuzi aliyefika, walinzi waliofika, watazamaji waliofika na timu moja inayopasha misuli peke yake. Ushindi wa mezani hauwarudishii hela walioitoa kumleta mwamuzi. Dhamana ndiyo inayoirudisha. Na droo isichezeshwe mpaka timu zote ziwe zimemaliza kulipa ada na dhamana, kwa sababu timu ikishaona jina lake kwenye ratiba ikiwa na deni, deni hilo hutalipata mpaka itakaposhinda, na ikishinda itakwambia ukate kwenye zawadi.

Sasa uwanja, ambao gharama yake hupuuzwa kwa sababu watu huamini uwanja upo tu. Upo, lakini hauko tayari. Mashindano ya Koth Biro, yanayochezwa Ziwani, Nairobi, jina lake kwa Kijaluo lina maana ya mvua inakuja, na yeyote aliyewahi kuandaa mechi kwenye uwanja wa udongo anaelewa kwa nini mvua inaweza kupewa heshima hiyo. Dar es Salaam nashauri kazi ianze baada ya masika, mwezi Juni, ardhi ikiwa bado na unyevu kidogo. Udongo ulioloa kiasi unashindilika. Ukikauka kabisa jembe linadunda na vumbi linabaki juu. Kwanza watu hupanga mstari bega kwa bega na kutembea uwanja mzima wakiokota vigae vya chupa, misumari na mawe. Ni kazi ya nusu siku na ndiyo inayookoa miguu. Mashimo hujazwa kwa udongo wa aina ile ile ya uwanja. Ukijaza shimo la uwanja wa moramu kwa mchanga wa pwani, mpira utakufa pale kila unapofika, na wenyeji watajua wapi pa kuupeleka.

Kisha mistari. Tunachora uwanja wa mita 100 kwa 64, ndani ya vipimo vya sheria ya kwanza ya mchezo. Nimeijumlisha: mistari ya pembeni, wa katikati, duara la mita 9.15, maeneo yote ya penati na ya goli, nusu duara zake na kona nne. Inafika karibu mita 695. Mtu anayefikiri mfuko mmoja wa chokaa utatosha msimu mzima hajawahi kuitembea mistari hiyo yote. Habari njema ni kwamba haifutiki kwa usawa. Mbele ya magoli na kwenye duara la katikati hufutika baada ya mechi mbili, mistari ya pembeni hukaa wiki. Kwa hiyo mchoro wa kwanza ndio ghali, na unaofuata ni wa kurudishia palipofutika.

Pembe za uwanja lazima ziwe za mraba, na hili halihitaji chombo. Chukua kamba, pima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili. Kati ya ncha hizo mbili panapaswa kuwa na mita 5 kamili. Zikizidi au kupungua, sogeza mstari. Kwenye uwanja mmoja niliokwenda kuukagua, kona ilikuwa imepinda kiasi kwamba eneo la penati la upande huo lilikuwa na kina cha mita 15 badala ya 16.5. Mchezaji aliangushwa hapo, mwamuzi akatoa faulo ya nje kwa kuufuata mstari aliouona, na mchezo ukasimama kwa nusu saa. Mwamuzi hakukosea. Aliyeshika kamba ndiye aliyekosea.

Chokaa yenyewe iwe unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa. Iliyochomwa, hata ikiwa imezimwa, huunguza ngozi na macho inapokutana na maji au jasho, na mchezaji akianguka nayo usoni si jambo la bandeji. Muuzaji akishindwa kukueleza anayokuuzia ni ipi, tumia rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyozimuliwa, ingawa kwenye vumbi hudumu kidogo. Magoli ya chuma ya kuhamisha yafungwe chini kwa vigingi au kwa mifuko ya mchanga mizito kwenye nguzo za nyuma. Goli la namna hiyo likidandiwa na watoto wakati wa mapumziko linaweza kuanguka na kuua. Nyavu zikaguliwe tundu moja moja kabla ya kila mechi ya mtoano, kwa sababu mpira uliopita kwenye tundu la wavu ni goli ambalo nusu ya uwanja itaapa halikuingia.

Gharama ya kazi hii ilitushinda mpaka tulipoitazama kwa jicho la watu wa Mathare. Chama cha Michezo cha Vijana cha Mathare, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1987, kilijulikana kwa kuzipa timu pointi za ligi kwa kufanya usafi wa mtaa. Sisi hatukutoa pointi, lakini kila timu ilitakiwa kuleta watu watano kwa siku moja ya kazi ya uwanja kabla ya droo, na timu isiyoleta ililipa 20,000 ya kibarua. Timu tisa zilileta watu. Gharama ya uwanja ilishuka hadi 380,000, sehemu kubwa ikiwa boza la maji la kutuliza vumbi, udongo na chokaa. Lilikuja pia jambo ambalo hatukulitegemea: manahodha waliofukia mashimo pamoja Jumamosi ile walizungumza lugha nyingine walipokutana kwenye robo fainali.

Waamuzi nimewaacha mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu kwao gharama si kiasi tu. Ni nani anayetoa, na lini. Kwenye ndondo nyingi kuna desturi ya timu mbili zinazocheza kuchangia posho ya mwamuzi pale pale uwanjani, kila moja nusu. Inaonekana rahisi, na inamwondolea mhazini mzigo. Mimi nasema ni sumu. Timu iliyochelewa kutoa nusu yake inaanza mechi ikiwa mdaiwa wa mwamuzi, na timu iliyotoa haraka ikazidisha elfu tano ya maji inaanza ikiwa rafiki yake. Hata kama mwamuzi ni mwaminifu kama mizani, mashabiki waliiona noti ikipita. Ikitolewa penati dakika ya 80, watakachokumbuka ni ile noti.

Kwa hiyo posho hutoka kwenye mfuko wa ada peke yake, kwenye bahasha, na mwamuzi husaini daftari kabla ya kuingia uwanjani. Nasisitiza kabla, si baada. Anayelipwa baada ya mechi analipwa na watu waliokasirika au waliofurahi, na vyote viwili vibaya. Waamuzi waombwe kwa katibu wa chama cha waamuzi cha wilaya kwa barua ya ratiba nzima. Usiwatafute mmoja mmoja kwa simu usiku wa kuamkia mechi; na kwenye mtoano asiwepo anayeishi mtaa wa timu yoyote inayocheza. Ukiwa na mechi mbili kwa siku, timu moja ya waamuzi wanne inaweza kuzichezesha zote kwa kubadilishana nafasi, na nauli hulipwa mara moja. Ni akiba halali, mradi usiwape mechi ya tatu.

Ukitaka kujua kama mashindano yanaelekea kufa, tazama waamuzi kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Wa akiba anaacha kuja. Kisha mshika kibendera mmoja anakuwa kijana wa mtaani aliyepewa tu kibendera. Kisha kamati inatangaza "mchango mdogo wa hatua inayofuata" kwa timu zilizofuzu, na fainali inasogezwa wiki moja kwa sababu isiyoeleweka. Ukiona dalili mbili kati ya hizo, mfuko wa ada umekwisha kuliwa na jambo jingine, na kwa kawaida jambo hilo ni mipira na jezi zilizonunuliwa wiki ya kwanza.

Ulinzi nao hauenei sawasawa kwenye ratiba. Mechi za makundi zinahitaji vijana wanne na kamba. Kamba hiyo ifungwe kwenye vigingi mita tatu nje ya mstari, si juu ya mstari, kwa sababu mshika kibendera anahitaji njia ya kukimbilia na watazamaji wanaopumua shingoni mwake ndio chanzo cha nusu ya ugomvi. Mechi nne za mwisho ni kitu kingine. Kwa hizo tulitenga 240,000 za ziada, barua ikapitia serikali ya mtaa na kufika kituo cha polisi wiki mbili kabla, na tukaamua mapema waamuzi watatokea wapi na watapanda chombo gani baada ya filimbi ya mwisho.

Lakini ulinzi wa bei nafuu kuliko wote ni saa. Mwezi Juni jua huzama Dar es Salaam karibu saa 12 na robo. Mechi ikianza saa 10 kamili, dakika 90, mapumziko na muda wa majeruhi vinakufikisha saa 11 na dakika 50. Ukiongeza dakika 30 za nyongeza, umekaribia saa 12 na nusu, na penati zinapigwa gizani kwenye uwanja usio na taa wala uzio. Vurugu mbaya nilizozishuhudia zilianza kwenye giza hilo, pale ambapo hakuna aliyeuona mpira vizuri na kila mtu ana hakika na alichokiona. Kwa hiyo kwenye kanuni zetu hakuna dakika za nyongeza. Sare inakwenda moja kwa moja kwenye penati, na fainali inaanza saa 9 na nusu. Hilo halikutugharimu shilingi.

Imebaki zawadi, nami naiweka mwisho kwa sababu ndipo inapopaswa kukaa kwenye bajeti. Msimu ule wa pili wafadhili wawili walituahidi jumla ya milioni mbili na nusu. Hatukuiandika ahadi. Tuliandika walichokwisha kukabidhi kufikia siku ya droo, yaani 1,500,000 taslimu, pamoja na 180,000 za vibanda vya mama lishe, vinywaji na maegesho ya bodaboda, zilizolipwa mapema. Jumla 1,680,000. Humo tulitoa uwanja 380,000, mipira mitatu 150,000, nyavu 80,000, ulinzi wa ziada 240,000, na akiba ya 150,000 kwa yasiyotarajiwa. Zilibaki 680,000, na hizo ndizo zilizokuwa zawadi: bingwa 400,000, wa pili 180,000, wa tatu 100,000. Bango lilichapwa baada ya hapo. Tulitangaza pia kwamba ahadi iliyobaki ikifika itaongezwa juu kwa uwiano ule ule.

Walitucheka. Mtaa wa jirani ulikuwa na bango la milioni mbili, na Ndondo Cup yenye nguvu ya redio na wadhamini imewazoesha vijana wetu hesabu kubwa. Timu mbili zilituacha kwa sababu hiyo tukazijaza nafasi zao. Mimi binafsi siwalaumu walioyaandaa mashindano yale ya milioni mbili, maana niliwahi kuwa kama wao. Ninachosema ni kwamba zawadi iliyotangazwa ni deni, na kamati inadaiwa tangu siku bango linapobandikwa ukutani.

Ndiyo maana bado naliheshimu kombe la mbuzi, ambalo vijana wa sasa wanaliona la kishamba. Mbuzi anafungwa kwenye mti kando ya uwanja na kila mtu anamwona. Hakuna anayeuliza kama yupo. Kamati zinazotoa fedha zingefanya vyema kuiga uwazi huo: hela ya zawadi ikae kwenye laini yake peke yake, isiyo ile inayolipa waamuzi, na salio lake lionyeshwe kwa manahodha wote siku ya droo na tena siku ya robo fainali. Daftari la mfuko wa ada lipigwe picha kila Jumapili usiku na kutumwa kwenye kundi la manahodha, hata ule ukurasa wenye makosa yaliyofutwafutwa. Manahodha wakiona mwamuzi wa juzi amesaini, hawasikilizi uvumi wa leo.

Fainali yetu ya msimu wa pili ilianza saa 9 na nusu, ikaisha kwa penati jua likiwa bado juu. Zawadi zilikabidhiwa pale pale uwanjani. Ahadi iliyobaki ya wafadhili haikufika. Kwenye akiba zilibaki 35,000, nyingine zikiwa zimekwenda kwa mpira uliopasuka na bajaji iliyompeleka kijana mmoja hospitali baada ya kuteguka bega. Timu 11 zilirudishiwa dhamana zao jioni ile. Ya 12 ilikosa kufika kwenye mechi yake ya pili, na 50,000 zake ndizo zilizofidia posho za waamuzi waliofika siku hiyo wakakuta timu moja.